Barua kwa muuza filamenti: pale 1.75 inapokuwa si 1.75

Ujumbe wa kwanza huandikwa usiku, kwa hasira, kazi ya mteja ikiwa imeharibika juu ya meza: “Bosi, zile filamenti ulizoniuzia ni mbovu. Zinakatika hovyo na hazina kipimo. Naomba unibadilishie au unirudishie hela yangu.” Asubuhi jibu linakuja, fupi na la upole: “Pole sana kaka. Jaribu kuzikausha kwanza. Na hebu cheki printa yako.” Mazungumzo yanaishia hapo. Rola zinabaki kwa mnunuzi, hela inabaki kwa muuzaji.

Si lazima muuzaji awe mjanja. Katika ujumbe ule hakuna cha kushika. Mwenye duka la vifaa vya printa za 3D jijini Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida hatengenezi filamenti mwenyewe. Anaiagiza, mara nyingi kutoka China, na ili kiwanda kimfidie naye anatakiwa kuonyesha ushahidi. “Mbovu” haipimiki. “Zinakatika” inaweza kuwa kosa la kiwanda, la ghala lake mwenyewe, au la mnunuzi aliyeacha rola wazi masika nzima.

Fundi anayetaka kubadilishiwa mali huanza na kipimo, kisha ndiyo aandike. Na katika kuandika hutenganisha malalamiko mawili ambayo wengi huyamwaga katika sentensi moja. Unene usio sawa ni jambo ambalo mnunuzi hawezi kulisababisha hata akitaka. Uzi kukatika ni jambo ambalo anaweza kulisababisha, tena bila kujua. La kwanza linathibitishwa kwa namba. La pili linahitaji kuonyesha kwamba rola haikuharibikia mikononi mwake.

Printa haioni unene

Printa ya 3D ya aina inayotumika katika karakana nyingi hujenga kitu kwa kupanga plastiki iliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka. Plastiki hiyo huja kama uzi mrefu uliozungushwa kwenye rola, na uzi huo ndio filamenti. Inayotumika sana ni PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Rola ya kilo moja ina takriban mita 330 za uzi wenye unene wa milimita 1.75. Gia ndogo huukamata uzi na kuusukuma hadi kwenye nozeli yenye joto la nyuzi 190 hadi 220, ambako huyeyuka na kutokea kwenye tundu ambalo mara nyingi lina upana wa milimita 0.4.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yote ya unene. Printa za kawaida hazipimi kiasi cha plastiki kinachotoka. Zinachohesabu ni urefu wa uzi uliosukumwa na gia, basi. Programu inayoandaa kazi hukokotoa urefu huo kwa kutumia unene ulioandikwa kwenye kisanduku cha `Diameter`, na kuamini kwamba hesabu imekaa sawa. Uzi ukiwa mnene kuliko ilivyoandikwa, plastiki inayotoka inazidi. Ukiwa mwembamba, inapungua. Printa haina habari na lolote kati ya hayo.

Tena makosa hayo hukua haraka kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu ujazo wa uzi hufuata mraba wa unene wake. Unene ukizidi kwa asilimia moja, plastiki huzidi kwa karibu asilimia mbili. Uzi wa 1.80 badala ya 1.75 unaonekana kama tofauti ya kupuuzwa, nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, lakini unamwaga plastiki zaidi kwa karibu asilimia 6. Uzi wa 1.88 unamwaga zaidi kwa asilimia 15. Wa 1.63 unapunguza kwa asilimia 13. Rola moja ikiwa na sehemu zote mbili hizo, ukuta wa kitu kimoja utakuwa umevimba hapa na kupwaya pale, na tabaka zilizokosa plastiki zitaachana mtu akizivuta kwa vidole.

Chanzo kiko kiwandani. Punje za plastiki huyeyushwa ndani ya skrubu kubwa, zikatolewa kupitia tundu, kisha uzi unaotoka huvutwa na magurudumu kupita kwenye maji ya kuupoza huku kipima cha leza kikiusoma. Ni kasi ya kuvuta inayoamua unene: ukivutwa haraka huwa mwembamba, ukivutwa polepole huwa mnene. Msukumo wa skrubu ukipanda na kushuka, magurudumu yakiteleza, au punje zikichanganywa na mabaki yaliyosagwa upya bila uangalifu, unene huyumba. Uzi ukiminywa kabla haujapoa sawasawa huwa bapa kidogo, na ukiukatisha huoni duara kamili bali umbo la yai.

Kupima kabla ya kulalamika

Tuchukue karakana ya mfano iliyoko Sinza, Dar es Salaam, inayotengeneza herufi za mabango na vipuri vidogo vya plastiki. Imenunua rola nane za PLA nyeupe, kilo moja kila moja, zote za toleo moja. Lebo inasema 1.75 mm ± 0.03, maana yake kiwanda kimeahidi kwamba uzi hautashuka chini ya 1.72 wala kupanda juu ya 1.78. Rola ya kwanza na ya pili zimetoa herufi zenye mikanda mikanda ubavuni. Ya tatu imekatika mara kadhaa kazi ikiwa katikati. Tano hazijafunguliwa.

Uamuzi wa kwanza wa maana ni kuziacha hizo tano kama zilivyo. Rola iliyofungwa, ikiwa bado katika mfuko wake uliofyonzwa hewa, ndiyo shahidi pekee ambaye hakuna atakayesema alikaa vibaya kwa mnunuzi.

Kifaa cha kupimia ni kalipa ya dijitali, ile ambayo mafundi wengi huiita venia. Skrini yake huonyesha hadi mia moja ya milimita, lakini kuonyesha si sawa na kuwa sahihi: kalipa za kawaida huweza kukosea kwa 0.02 au 0.03 kwenda juu au chini. Kwa hiyo uzi uliosomeka 1.79 hauwezi kupelekwa kwa mtu kama ushahidi. Uliosomeka 1.88 unaweza. Kabla ya kuanza, fundi hufuta taya za kalipa, huzifunga na kuhakikisha zinasoma sifuri, kisha hupima kitu chenye vipimo vinavyojulikana. Karibu kila karakana ya printa ina beringi namba 608, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 22 na hutengenezwa kwa usahihi mkubwa. Kalipa ikiisoma 22.00 au 21.99, inaweza kuaminika.

Kisha uzi unavutwa polepole na kupimwa sehemu ishirini, moja kila baada ya mita moja. Mita ishirini zinatosha kuonyesha mwenendo na hazifiki hata sehemu ya kumi ya rola. Kila sehemu hupimwa mara mbili, kalipa ikigeuzwa robo duara, maana uzi wenye umbo la yai unaweza kusoma 1.75 upande mmoja na 1.66 upande wa pili. Taya huguswa tu kwenye uzi bila kubanwa. Namba zote zinaandikwa, hata zile nzuri. Jedwali lenye namba mbaya tupu humfanya msomaji ajiulize ni ngapi zilizofichwa.

Mwisho wa kazi hiyo, rola ya kwanza inasoma kati ya 1.63 na 1.88, na sehemu 13 kati ya 20 ziko nje ya ahadi ya lebo. Fundi anachukua pia rola nyeusi ya zamani ambayo haijawahi kumsumbua, anaipima kwa kalipa ileile saa ileile, nayo inasoma kati ya 1.73 na 1.77. Hiyo rola nyeusi itasaidia kwenye barua kuliko maneno makali yoyote.

Limebaki swali la printa, ambalo muuzaji ataliuliza kwa hakika. Mikanda kwenye ubavu wa kitu inaweza kusababishwa na mashine pia, hasa skrubu ndefu inayopandisha kichwa cha printa. Skrubu iliyopinda huacha alama, lakini alama zake hujirudia kwa nafasi sawasawa: katika printa nyingi mzunguko mmoja wa skrubu hupandisha milimita 8, hivyo mkanda utatokea kila baada ya milimita 8, kazi hadi kazi, rangi hadi rangi. Mikanda ya uzi usio sawa haina mpangilio. Ukitengeneza silinda tupu ya ukuta mmoja, upana wa sentimita 6, mita moja ya uzi hujenga karibu sentimita 3 za kimo chake; kwa hiyo uzi unaoyumba kila baada ya mita kadhaa utaacha mikanda mipana isiyolingana. Fundi anatengeneza silinda mbili kwa faili moja na mipangilio ileile, moja kwa uzi mweupe, nyingine kwa mweusi. Nyeupe ina mikanda, nyeusi ni laini. Anaziweka kando zote mbili zikiwa na majina.

Uzi unaokatika kama kijiti kikavu

PLA nzuri ikikunjwa hujipinda, huweka weupe kidogo pale inapoumia, na mara nyingi huvumilia. Iliyoharibika hukatika papo hapo kwa mlio, na kingo zake huwa safi kama zilizokatwa. Mafundi wengi huigundua asubuhi: printa iliachwa na uzi ndani ya mrija, na usiku mmoja baadaye uzi umevunjika vipande vitatu au vinne humohumo. Uzi uliozoea mviringo wa rola ulikuwa umenyooshwa kwa nguvu ndani ya mrija, na ule mkazo wa saa nyingi ndio ulioumaliza.

Sababu ziko zaidi ya moja na ndiyo maana dai hili ni gumu. PLA hunyonya unyevu, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Maji hayo yakikutana na joto hukata minyororo mirefu ya plastiki kuwa mifupi, na minyororo mifupi haina ustahimilivu. Vilevile PLA huzeeka yenyewe ikikaa ghalani, ikizidi kukakamaa hata bila maji. Na kuna plastiki iliyotoka kiwandani ikiwa tayari imechoka, kwa kuyeyushwa mara nyingi mno au kwa joto lililozidi. Hali hizo zote kwa mkono huonekana sawa: uzi unakatika.

Kinachoweza kufanywa karakanani ni kupunguza uwezekano mmoja baada ya mwingine. Rola ya tatu ilifunguliwa mbele ya kamera ya simu, mfuko ukiwa mzima na haujaingia hewa, na ikajaribiwa siku hiyohiyo. Vipande kumi vya sentimita 15 vilikatwa, vingine kutoka mwanzo wa uzi, vingine mita tano ndani na mita kumi ndani, kisha kila kimoja kikakunjwa kuzunguka kalamu nene. Nane vilikatika. Kama ni vile vya mwanzo tu vingekatika, ingeweza kusemwa kwamba ni tabaka la juu lililopata hewa. Vilikatika vya kina chote.

Baada ya hapo ushauri wa muuzaji unatekelezwa kabla hajautoa. Rola inapimwa uzito kwenye mizani ya jikoni, inakaushwa kwa nyuzi 45 kwa saa sita, kisha inapimwa tena. Joto halipandishwi kuelekea nyuzi 60, kwa sababu hapo PLA huanza kulainika na mizunguko ya rola hushikana. Rola yenye maji mengi hupungua gramu kadhaa. Hii imepungua gramu moja. Rola zenye fremu ya karatasi ngumu zinahitaji tahadhari, kwani karatasi nayo hunywa maji na kuyatoa, ila hii ni ya plastiki. Ikishapoa inajaribiwa upya: vipande saba kati ya kumi vinakatika. Kukausha hutoa maji, hakuungi minyororo iliyokwisha kukatika.

Hata hivyo jaribio hili halithibitishi kwamba kiwanda ndicho chenye kosa. Linathibitisha kitu kidogo zaidi lakini kinachotosha: kwamba uzi ulikuwa hivyo siku ulipotolewa kwenye mfuko. Mwandishi wa barua asidai zaidi ya hapo.

Barua yenyewe

Kwa desturi ya barua rasmi za Kiswahili, anwani ya mwandishi hukaa juu kulia na ya mpokeaji kushoto, pamoja na tarehe na kichwa. Barua ya karakana yetu ya mfano inasomeka hivi:

Kwa Meneja Mauzo,

12 Juni 2025

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO KATIKA FILAMENTI YA PLA NYEUPE, ANKARA NA. 0417, NA OMBI LA KUBADILISHIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Juni tulinunua dukani kwenu rola nane za PLA nyeupe za kilo moja, zote za toleo K-0312. Nakala ya ankara na ya risiti ya EFD zimeambatishwa. Rola tatu tumezifungua na tumezipa namba 1, 2 na 3. Rola tano hazijafunguliwa.

Kwanza, unene. Lebo inaeleza 1.75 mm ± 0.03. Rola namba 1 na 2 tumezipima sehemu ishirini kila moja, kwa umbali wa mita moja, na kila sehemu mara mbili kwa pande mbili tofauti. Rola namba 1 inasoma kati ya 1.63 na 1.88, na sehemu 13 ziko nje ya kiwango cha lebo. Rola namba 2 inasoma kati ya 1.66 na 1.85, na sehemu 11 ziko nje. Kalipa ilihakikiwa kwa beringi 608, na rola nyeusi iliyopimwa wakati huohuo ilisoma kati ya 1.73 na 1.77. Printa ileile, kwa faili ileile, imetoa silinda laini kwa rola nyeusi na silinda yenye mikanda kwa rola namba 1.

Pili, kukatika. Rola namba 3 ilifunguliwa tarehe 9 Juni, mfuko ukiwa mzima. Siku hiyohiyo vipande 8 kati ya 10, vilivyokatwa hadi mita kumi ndani, vilikatika vilipokunjwa. Tuliikausha kwa nyuzi 45 kwa saa sita. Ilipungua gramu 1, na vipande 7 kati ya 10 viliendelea kukatika.

Kwa hiyo tunaomba mtubadilishie rola namba 1, 2 na 3 kwa rola za toleo tofauti, nanyi mgharamie usafiri wa kuzirudisha. Kuhusu rola tano zilizobaki, tunapendekeza mbili kati yake zifunguliwe na kupimwa mbele ya fundi wenu, dukani kwenu au kwetu. Zikionekana na kasoro ileile, zote tano zibadilishwe. Kama hamna toleo jingine, tutapokea marejesho ya fedha.

Tunazihifadhi rola zote, pamoja na vipande na silinda za majaribio, kwa ajili ya ukaguzi wenu. Tutashukuru kupata jibu ndani ya siku saba za kazi.

Wenu,
(sahihi, jina, cheo na simu)

Viambatisho: nakala ya ankara na risiti, picha za lebo zote nane, jedwali la vipimo, uzito uliobaki wa rola tatu, video ya kufungua rola namba 3.

Kilichomo na kilichoachwa

Barua hiyo haina neno “mbovu” hata mara moja. Haitaji hasara ya mteja aliyekimbia wala usiku uliopotea. Hayo ni ya kweli, lakini yakiingizwa hapo, muuzaji atayajibu hayo na kuacha vipimo vipumzike. Anayetaka kudai fidia ya kazi iliyoharibika aandike barua nyingine, akijua kwamba hilo ni dai kubwa na gumu zaidi kuliko kubadilishiwa rola.

Namba ya toleo inaonekana kama jambo dogo, nayo ndiyo itakayomfaa muuzaji kuliko yote. Ni kwayo atajua kama wateja wengine walionunua mali ileile wanalalamika, na ni kwayo kiwanda kitakubali au kukataa kumfidia. Ombi la toleo tofauti nalo lina sababu yake. Rola mpya iliyotoka kwenye katoni ileile huenda ilivutwa saa moja baada ya ile yenye kasoro, kwa mashine iliyokuwa bado inayumba.

Kuhusu rola tano zilizofungwa, mwandishi angeweza kudai zibadilishwe zote kwa mkupuo. Hakufanya hivyo kwa kuwa hana kipimo chake. Badala yake amempa muuzaji nafasi ya kushuhudia kwa macho yake mwenyewe, na hapo mjadala wa nani aliiacha rola wazi unakwisha, maana hakuna aliyeifungua kabla.

Majibu yanayoweza kurudi yanatabirika. “Rekebisha mipangilio” ni mojawapo, na wakati mwingine ni jibu sahihi. Rola ambayo yote ni 1.70 kutoka mwanzo hadi mwisho inatibika kwa kuandika 1.70 kwenye `Diameter` na kazi ikaendelea. Ila uzi unaoruka kutoka 1.63 hadi 1.88 hauna namba moja ya kuandika pale. Utakaporekebisha kwa sehemu nyembamba, nene itafurika. Jibu la namna hiyo hurudishiwa jedwali la vipimo, kwa heshima, na sentensi moja ya maelezo.

Jibu jingine ni mstari ule uliochapwa chini ya risiti nyingi: mali ikishauzwa hairudishwi. Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya inayo ya kwake, zote zikitoka katika shina moja la sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Kenya imeongeza uzito kwa Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Lebo inayosema 1.75 ± 0.03 ni maelezo, na hapo ndipo dai la unene linaposimama imara kuliko la kukatika, maana hakuna lebo inayoahidi uzi utakunjwa mara ngapi. Sheria hiyohiyo humhesabu mnunuzi kuwa ameipokea mali iwapo atakaa nayo muda wa kutosha bila kusema kwamba ameikataa. Barua iliyoandikwa siku tisa baada ya ununuzi iko salama. Iliyoandikwa baada ya miezi mitano, rola zikiwa zimebaki robo, itakuwa na kazi kubwa.

Yapo pia madai ambayo muuzaji ana haki ya kuyakataa, na fundi mwaminifu huyajua. Uzi uliojifunga fundo kwenye rola mara nyingi ni kosa la mtumiaji aliyeachia ncha ikapita chini ya mzunguko mwingine. Uzi unaotoa milio midogo na mvuke kwenye nozeli baada ya kukaa wiki kadhaa bila kufunikwa ni uzi uliokunywa maji ya chumba cha mwenyewe. Rola isiyo na lebo wala risiti haina namna ya kufungamanishwa na duka lolote.

Ikiwa muuzaji atakubali, rola mpya hupimwa sehemu tano au sita mbele ya aliyezileta, kabla hazijaanza kazi. Kisha mnunuzi huandika barua ya pili, fupi, ya kukiri kupokea: rola ngapi, toleo namba ngapi, unene uliosomeka, na rola zipi zimerudishwa zikiwa na uzito gani. Nakala hubaki kwenye faili pamoja na barua ya kwanza, ili toleo jipya nalo likianza kuyumba mita mia moja ndani, pasiwe na haja ya kusimulia habari yote upya.